Kuchora mapato ya mwaloni kwa mediani na robo badala ya wastani

Kila msimu wa ripoti ukifika, maswali mawili hurudi. La kwanza: "Nimechora wastani wa mapato ya wachuuzi wa dagaa, mbona wachuuzi wenyewe wakiiona chati wanasema hiyo si hali yao?" La pili: "Nimeambiwa nitumie mediani. Nimeipata, sasa naichoraje?" Nimeandika mwongozo huu kujibu yote mawili kwa pamoja. Unawalenga wanaokusanya data kwenye mialo yetu ya Ziwa Victoria, yaani mwanafunzi anayeandika utafiti wake, afisa uvuvi wa kata, katibu wa BMU au mtunza hesabu wa kikoba.

Mfano nitakaoutumia ni wa mwalo mmoja wa dagaa upande wa Ilemela. Namba zake nimezitunga mwenyewe ili uweze kuzifuata kwa kalamu na karatasi, kwa hiyo usizinukuu kama matokeo ya utafiti. Umbo lake, hata hivyo, ndilo umbo la mapato utakalolikuta karibu kila mwalo: watu wengi wanaokaribiana, na wachache waliowaacha mbali sana.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Programu ya majedwali. Excel, LibreOffice Calc na Google Sheets zote zinafaa, kwa sababu njia nitakayoonyesha haitegemei toleo jipya.

Data ya mtu mmoja mmoja. Hili halina njia ya mkato. Kama ulichonacho ni jumla ya kundi na idadi ya watu tu, huwezi kupata mediani, yaani mapato ya mtu wa katikati watu wakipangwa kutoka mwenye kidogo hadi mwenye kingi, hata ukiwa fundi kiasi gani. Rudi kwenye dodoso.

Angalau watu kumi hivi kwa kila kundi. Ukiwa na watano au sita, achana na robo na uchore nukta moja kwa kila mtu. Msomaji ataona kila kitu.

Mwisho, uwe na uhakika kwamba kila namba inahesabu kitu kilekile kwa muda uleule. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo nimeifanya kuwa hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Sawazisha maana ya "mapato"

Mchuuzi akikwambia "napata laki mbili kwa siku", mara nyingi anataja mauzo. Ndani ya hiyo laki mbili kuna bei aliyonunulia dagaa asubuhi, ushuru, usafiri, na wakati mwingine malipo ya aliyemsaidia kuanika. Mbeba mizigo akikwambia "napata elfu saba", hiyo yote ni yake. Ukiziweka namba hizo mbili kwenye safu moja, chati yako italinganisha vitu viwili tofauti, na hakuna mediani itakayokuokoa. Uliza hivi: "Baada ya kutoa mtaji na gharama, ulibaki na shilingi ngapi wiki iliyopita?"

Jambo la pili ni muda. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na taa zao, na mbalamwezi ikiwa kubwa wengi hupumzika. Ukiwahoji wabeba mizigo wiki ya giza na wenye mitumbwi wiki ya mbalamwezi, umepima mwezi wa angani, hukupima mapato. Ama uchukue wiki moja ya giza kwa watu wote, ama uchukue mzunguko mzima wa mwezi kwa watu wote. Mfano wetu ni wa wiki moja ya giza, na jambo hilo litaandikwa kwenye chati.

Hatua ya 2: Ingiza data, mtu mmoja mstari mmoja

Safu ya A iwe kundi, safu ya B iwe mapato ya wiki kwa maelfu ya shilingi. Aliyepata shilingi 48,000 mwandikie 48. Usiandike "48 elfu" wala "laki 1", kwa sababu programu itaiona seli hiyo kama maandishi na kuiruka kimyakimya bila kukuonya.

Mtu aliyekataa kujibu, seli yake iache wazi. Mtu ambaye kweli hakupata kitu, mwandikie 0. Tofauti hii ni kubwa: sifuri ni jibu halali na inahesabiwa, seli tupu hairuhusiwi kuhesabiwa. Mmiliki ambaye mtumbwi wake ulikuwa juu ya mchanga ukizibwa wiki nzima ana sifuri ya kweli, na ni sehemu ya habari unayotaka kuitoa.

Panga kwa kundi. Kwetu wabeba mizigo 13 wako mstari wa 2 hadi 14, wachuuzi 13 mstari wa 15 hadi 27, na wenye mitumbwi 13 mstari wa 28 hadi 40. Hizi hapa namba zenyewe, nimezipanga kutoka ndogo kwenda kubwa:

Wabeba mizigo: 30, 32, 35, 38, 40, 41, 42, 44, 45, 46, 48, 50, 55.

Wachuuzi wa dagaa: 28, 32, 35, 40, 42, 45, 48, 52, 55, 60, 75, 140, 480.

Wenye mitumbwi: 0, 25, 60, 90, 120, 150, 180, 220, 300, 420, 650, 900, 1500.

Hatua ya 3: Tazama kwanza kama wastani unafaa

Tafuta wastani na mediani za kila kundi, uziweke pamoja. Kwa wachuuzi ni hivi:

```
=AVERAGE(B15:B27)
=MEDIAN(B15:B27)
```

Wabeba mizigo wastani wao ni 42 na mediani yao ni 42. Hapo huna ugomvi, tumia lolote kati ya hayo mawili. Wachuuzi wastani wao ni 87, lakini mediani ni 48. Wenye mitumbwi wastani ni 355, mediani ni 180. Wastani ukiizidi mediani kwa kiasi kikubwa namna hii, kuna watu wachache waliouvuta kuelekea kwao.

Kaa kidogo na hao wachuuzi, kwa sababu hapa ndipo jibu la swali la kwanza lilipo. Kati ya 13, ni wawili tu wanaozidi 87: yule wa 140 na yule wa 480. Kumi na mmoja wote wako chini ya "mchuuzi wa wastani". Yule wa 480 ni mfanyabiashara wa jumla, anayekusanya magunia na kuyapakia kwenye lori. Akiuza mzigo mmoja zaidi na mapato yake yakawa 960, wastani wa kundi zima unaruka kutoka 87 hadi 124, ingawa wenzake kumi na wawili hawajaongezewa hata shilingi. Mediani inabaki palepale, 48.

Sasa fikiria chati ya mihimili ya wastani: wabeba mizigo 42, wachuuzi 87. Msomaji wa halmashauri ataamua kwamba mchuuzi anapata mara mbili ya mbeba mizigo, na pengine atapendekeza ushuru wa meza upandishwe. Lakini mchuuzi wa katikati anapata 48 na mbeba mizigo wa katikati anapata 42. Wamepishana shilingi elfu sita kwa wiki. Wachuuzi waliosema chati si yao walikuwa na haki.

Hatua ya 4: Pata robo ya chini na robo ya juu

Mediani peke yake inakuambia mtu wa katikati yuko wapi, lakini haikuambii wengine wametawanyika vipi. Ndiyo maana tunaongeza namba mbili.

Wapange wachuuzi 13 mstari mmoja, mwenye kidogo mbele na mwenye kingi nyuma. Wa saba ndiye wa katikati: 48, mediani. Wa nne ndiye anayetenga robo ya chini: 40. Wa kumi ndiye anayetenga robo ya juu: 60. Kwa hiyo nusu ya kati ya wachuuzi wako kati ya shilingi 40,000 na 60,000 kwa wiki. Sentensi hiyo moja inabeba habari zaidi ya wastani wowote, na mtu yeyote mwaloni ataielewa ukimsomea.

Fomula zake:

```
=QUARTILE.INC(B15:B27,1)
=QUARTILE.INC(B15:B27,3)
```

Kama programu yako inakataa alama ya mkato, weka nukta mkato mahali pake. Hiyo inatokana na mipangilio ya lugha ya kompyuta.

Tahadhari: kuna pia `QUARTILE.EXC`, na hutoa majibu tofauti. Kwa wachuuzi wetu `QUARTILE.EXC` inatoa 37.5 na 67.5 badala ya 40 na 60. Hakuna iliyo mbovu kati ya hizo mbili, ni njia mbili za kuamua mpaka uanguke wapi kati ya mtu na mtu. Kinachoharibu kazi ni kuzichanganya, kundi hili kwa moja na kundi lile kwa nyingine, au ripoti ya mwaka jana kwa moja na ya mwaka huu kwa nyingine. Mimi hutumia `QUARTILE.INC` kila mara, na huitaja kwenye maelezo ya njia.

Hatua ya 5: Tengeneza majedwali mawili madogo

Jedwali la kwanza ni la matokeo. Liweke kuanzia seli D1: Kundi, Idadi, Robo ya chini, Mediani, Robo ya juu. Kwetu linatoka hivi:

| Kundi | Idadi | Robo ya chini | Mediani | Robo ya juu |
|---|---|---|---|---|
| Wabeba mizigo | 13 | 38 | 42 | 46 |
| Wachuuzi | 13 | 40 | 48 | 60 |
| Wenye mitumbwi | 13 | 90 | 180 | 420 |

Jedwali la pili ni la kuchorea, na wengi hulisahau. Tutachora kisanduku kinachoanzia robo ya chini hadi robo ya juu, kimegawanywa kwenye mediani. Programu haijui kuanzisha mhimili katikati ya hewa. Inajua kupanga vipande kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo tunaipa vipande vitatu: kipande cha msingi kutoka sifuri hadi robo ya chini, ambacho baadaye tutakifanya kisionekane, kisha kipande cha robo ya chini hadi mediani, kisha cha mediani hadi robo ya juu.

Anzia seli D7 kwa vichwa Kundi, Msingi, Chini, Juu. Kwenye mstari wa 8 weka, kuanzia D8 hadi G8:

```
=D2&" (mediani "&G2&", watu "&E2&")"
=F2
=G2-F2
=H2-G2
```

Kisha nakili mistari hiyo hadi mstari wa 10. Wabeba mizigo watapata 38, 4, 4. Wachuuzi 40, 8, 12. Wenye mitumbwi 90, 90, 240. Fomula ya D8 inaandika mediani na idadi ya watu ndani ya jina la kundi lenyewe, na utaona faida yake tukifika kwenye lebo.

Hatua ya 6: Chora

Chagua D7 hadi G10. Kwenye Excel nenda Insert, kisha Bar Chart, kisha Stacked Bar, ile ya mihimili inayolala. Nasisitiza ya kulala kwa sababu majina ya makundi yetu ni marefu. Ukitumia inayosimama yatapinda na hakuna atakayeyasoma.

Bofya kipande cha Msingi, fungua Format Data Series, na kwenye Fill chagua No fill. Kwenye LibreOffice ni Area halafu None. Kwenye Google Sheets ingia Customize, Series, chagua Msingi, na ushushe Fill opacity hadi 0%. Vipande viwili vilivyobaki vipe rangi moja, kimoja nyepesi na kingine nzito. Usivipe rangi mbili za mbali kama nyekundu na kijani. Msomaji atadhani kuna kundi zuri na kundi baya.

Mpaka kati ya rangi nyepesi na nzito ndiyo mediani. Upana mzima wa rangi ni nusu ya kati ya watu.

Ufunguo wa rangi, ule wenye majina Msingi, Chini na Juu, ufute kabisa. Maelezo yatakaa chini ya chati kwa sentensi kamili.

Hatua ya 7: Amua kipimo cha mhimili

Hapa utakutana na tatizo ambalo wastani hulificha. Mhimili wa namba unaofika 450 ili kuwabeba wenye mitumbwi utawabana wabeba mizigo mpaka kisanduku chao, chenye upana wa 8 tu, kiwe kama milimita 3 kwenye chati ya sentimita 15. Kitaonekana kama mstari mnene.

Dawa yangu ni kugawa chati mbili. Ya kwanza iwe na wabeba mizigo na wachuuzi, mhimili kutoka 0 hadi 80. Ya pili iwe na wenye mitumbwi peke yao, 0 hadi 500. Ziweke moja juu ya nyingine na uandike wazi kwamba vipimo vyake si sawa. Kuna wanaoshauri mhimili wa logi. Kwa wataalamu wenzako sawa, lakini kwenye mkutano wa BMU chini ya mwembe, mtu ataona umbali kutoka 10 hadi 100 ni sawa na kutoka 100 hadi 1,000 na ataondoka na picha isiyo ya kweli. Tena, vipande vilivyopangwa mmoja baada ya mwingine havisomeki vizuri kwenye logi, kwa kuwa urefu wa kipande hauna maana tena.

Utaulizwa pia kwa nini yule wa 480 haonekani kwenye chati. Sababu ya kwanza ni ya kipimo, umeshaiona. Ya pili naiona nzito zaidi: mwaloni watu wanajuana. Ukiweka nukta moja peke yake huko mbali na kuandika "wachuuzi, wiki fulani, mwalo fulani", umetangaza mapato ya mtu ambaye kila mmoja anaweza kumtaja kwa jina, na huyo alikujibu kwa kukuamini. Mtaje kwa maneno ya jumla: wapo wachache wanaopata zaidi sana ya hapa.

Hatua ya 8: Andika maelezo chini ya chati

Chati hii haijazoeleka kwa wasomaji wengi, kwa hiyo usiiache peke yake. Maneno ninayopendekeza kwa mfano wetu:

"Mapato ya wiki moja ya giza baada ya kutoa gharama, kwa maelfu ya shilingi. Eneo lenye rangi ni nusu ya kati ya watu waliohojiwa: robo moja wanapata chini ya hapo na robo moja juu ya hapo. Mahali rangi inapobadilika ni mediani: nusu wako chini yake, nusu juu yake. Wachache wanaopata zaidi sana hawajachorwa."

Sentensi ya mwisho usiiondoe. Bila hiyo, msomaji atadhani kisanduku ndicho mwanzo na mwisho wa mapato ya kundi.

Makosa yanayojirudia

La kwanza na kubwa ni kuchora robo ya chini, mediani na robo ya juu zenyewe badala ya tofauti zake. Wabeba mizigo wakipewa 38, 42 na 46 kama vipande, mhimili wao utaishia 126, ilhali hakuna hata mmoja anayezidi 55. Njia ya kujikagua ni nyepesi: ncha ya kulia ya kisanduku lazima iwe sawa na robo ya juu kwenye jedwali la kwanza. Kagua kila kundi.

La pili ni kutafuta mediani ya mwalo mzima kwa kuchukua wastani wa mediani za makundi. 42, 48 na 180 wastani wake ni 90. Lakini ukiwapanga watu wote 39 mstari mmoja, wa ishirini ana 48. Mediani hazijumlishwi wala hazigawanywi; rudi kwenye data ya mtu mmoja mmoja na uhesabu upya:

```
=MEDIAN(B2:B40)
```

Hali ni hiyohiyo ukitaka mediani ya wilaya kutoka mialo kadhaa. Omba data yenyewe, usiombe mediani zao.

La tatu ni la lebo. Ukiwasha Data Labels za kawaida, programu itaandika urefu wa kipande, na wachuuzi wataonekana na "8" na "12". Msomaji atasoma kwamba mtu anapata elfu nane kwa wiki. Ndiyo maana tuliweka mediani ndani ya jina la kundi: inasomeka, na inabadilika yenyewe data ikibadilika.

Mambo yakigoma

*Makundi yametokea kinyume, la kwanza liko chini kabisa.* Ndivyo Excel inavyochora mihimili inayolala. Bofya mhimili wa majina, fungua Format Axis, weka tiki kwenye Categories in reverse order. Namba zitahamia juu ya chati. Ukitaka zirudi chini, hapohapo chagua At maximum category.

*Idadi ya watu haitimii.* Linganisha fomula hizi mbili:

```
=COUNT(B15:B27)
=COUNTA(B15:B27)
```

Ya kwanza inahesabu namba tu, ya pili inahesabu kila seli isiyo tupu. Zikitofautiana, kuna seli yenye maandishi kama "laki 1" au namba iliyobebwa na nafasi tupu mbele yake.

*Data yangu haijapangwa kwa makundi na siwezi kuipanga.* Tumia sharti ndani ya fomula, lakini usisahau kuzuia seli tupu, kwa sababu sharti likiwa la kundi pekee Excel hugeuza seli tupu kuwa sifuri na mediani inashuka bila wewe kujua:

```
=MEDIAN(IF((A2:A40="Mchuuzi")*(B2:B40<>""),B2:B40))
```

Kwenye Excel za zamani na LibreOffice, maliza kwa kubonyeza Ctrl+Shift+Enter badala ya Enter peke yake. Kwenye Google Sheets ifunge ndani ya `ARRAYFORMULA`.

*Nusu moja ya kisanduku imepotea.* Huenda si kosa. Watu wakikadiria hutaja namba za mviringo, na wengi wakisema "elfu hamsini", robo ya chini na mediani zinaweza kuangukia 50 zote mbili. Kipande cha kati yake kinakuwa sifuri. Tazama data, na kama ndivyo, liseme kwenye maelezo. Awamu ijayo uliza kwa siku, kisha ujumlishe mwenyewe, utapata namba zenye uhai zaidi.

*Robo ya chini ni hasi.* Inatokea kwa wenye mitumbwi, petroli na posho ya wavuvi zikizidi samaki waliopatikana. Njia ya kipande kisichoonekana hapo huvunjika, maana programu hupanga namba hasi kushoto ya sifuri na chanya kulia, na kisanduku kinakatika vibaya. Tumia chati ya Box and Whisker iliyomo ndani ya Excel kuanzia toleo la 2016. Kumbuka tu kwamba yenyewe huanza na njia ya Exclusive median, kwa hiyo ibadilishe iwe Inclusive median ili ilingane na `QUARTILE.INC`, na uzime Show outlier points kwa sababu niliyoieleza ya kuficha watu.

*Kisanduku kinaonekana sawa lakini wahusika bado wanakataa.* Wasikilize. Mediani na robo haziwezi kuonyesha kundi lenye watu wa aina mbili waliowekwa pamoja. Ukiwachanganya wauza dagaa kwa kopo na wauza kwa gunia, nusu kwa nusu, mediani itaangukia katikati ya makundi hayo mawili, mahali ambapo pengine hakuna mtu hata mmoja. Chora nukta ya kila mtu, kwa macho yako tu, bila kuichapisha. Ukiona nukta zimejikusanya sehemu mbili na pengo katikati, gawa kundi na uanze tena hatua ya 3.

*Ofisi inadai wastani.* Waulize wanautaka wa nini. Kama wanakadiria jumla ya fedha inayozunguka mwaloni, wana haki, kwa sababu wastani ukizidishwa kwa idadi ya watu unarudisha jumla, na mediani haifanyi hivyo: wachuuzi wetu 13 kwa 48 ni 624, ilhali jumla yao ya kweli ni 1,132. Wape wastani kwenye jedwali, pembeni ya mediani, ukiandika kwamba unahusu jumla ya fedha. Kama wanautaka kueleza mchuuzi anaishije au anaweza kulipa ushuru kiasi gani, wapelekee chati ya hatua ya 6 pamoja na sentensi hii: wachuuzi 11 kati ya 13 wako chini ya wastani huo.